Umri wa Kitu cha Ajabu: Sanamu za Acambaro na Gharama ya Vipimo vya Maabara

Utangulizi

Mwanahistoria anapoletewa kitu kisichofanana na chochote kinachojulikana, swali la kwanza linaloulizwa na waliokileta ni umri wake, na jibu linalotarajiwa ni kwamba kipelekwe maabara. Imani hiyo ina msingi, kwani tangu mwaka 1949, Willard Libby na wenzake walipotangaza upimaji wa umri kwa kaboni ya mnururisho, mambo mengi ya kale yaliyokuwa yakikisiwa yamepata tarehe. Lakini maabara haijibu kila swali inaloulizwa. Hupima kiasi fulani katika sampuli fulani, na kazi ya kugeuza kiasi hicho kuwa historia hubaki kwa binadamu. Makala haya yanakusudia kuchunguza njia mbili, yaani kipimo cha kaboni na kile cha mwanga wa joto kiitwacho themoluminesensi, kwa kufuata mkasa mmoja ambamo njia zote mbili zilitumiwa na zote mbili zikapotosha kabla ya ukweli kubainika. Mkasa wenyewe ni wa sanamu za udongo za Acambaro, katika jimbo la Guanajuato, Mexico.

Mkusanyo wa Acambaro

Mnamo Julai 1944, Waldemar Julsrud, mfanyabiashara wa vyuma mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa na makazi yake Acambaro, alipata vipande vya sanamu za udongo kwenye mteremko wa kilima kilicho karibu na mji huo. Alimwajiri mkulima mmoja wa hapo amtafutie nyingine, na mapatano yao yalikuwa peso moja kwa kila sanamu itakayoletwa ikiwa nzima, au iliyovunjika ikaweza kuungwa. Masharti hayo ya malipo yanafaa kukumbukwa, kwa kuwa yanaeleza sehemu kubwa ya yaliyofuata. Katika muda wa miaka michache nyumba ya Julsrud ilijaa sanamu zaidi ya 32,000. Hakuna mbili zilizolingana kabisa. Baadhi zilionyesha watu wa sura mbalimbali, na nyingine zilionyesha majitu ya kutambaa yaliyofanana na dainosari, wanyama ambao walikwisha kutoweka duniani yapata miaka milioni 66 iliyopita.

Julsrud aliamini kwamba amefukua masalia ya ustaarabu wa kale mno. Wengine baada yake walikwenda mbali zaidi, wakadai kwamba mfinyanzi aliyezitengeneza alikuwa amewaona wanyama hao kwa macho yake. Ifahamike pia kwamba eneo lenyewe si tupu kihistoria. Karibu na hapo ndipo palipopatikana ufinyanzi maarufu wa Chupicuaro, ambao ni wa kale kwa hakika. Kwa hiyo haikuwezekana kuupuuza mkusanyo huo kwa hoja kwamba ardhi ya pale haina cha kale.

Mwaka 1952 Charles Di Peso, mwanaakiolojia wa Marekani, alifika Acambaro kuutazama mkusanyo huo, na mwaka uliofuata akachapisha maoni yake. Hakutumia chombo chochote cha maabara. Alitazama nyuso za sanamu, akaona hazina ule utando ambao udongo uliookwa huvishwa na ardhi unapokaa humo karne nyingi. Alitazama pembe na mikunjo midogo, ambamo uchafu hukaza na kushikamana, akaikuta safi. Zile zilizovunjika zilivunjika mahali palipo rahisi kuungwa, kingo za mivunjiko hazikulika, na vipande havikupotea. Wala hakuona mikwaruzo ya majembe, jambo la kustaajabisha kwa maelfu ya vitu vilivyofukuliwa na mtu asiyefunzwa kazi hiyo. Hatimaye alihudhuria ufukuaji wenyewe, akatambua kwamba sanamu zilikuwa ndani ya shimo lililochimbwa na kujazwa upya siku si nyingi, na udongo wa kujazia ulikuwa tofauti na ardhi ngumu iliyouzunguka. Aliarifiwa pia kwamba familia moja ya hapo ilikuwa ikizifinyanga sanamu hizo katika majira ambayo kazi ya shamba ni haba.

Hoja hizo zilitosha kwa wataalamu wengi. Hazikuwatosha walioutetea mkusanyo, ambao walisema kwamba macho ya mtu mmoja hayawezi kuwa hakimu. Waliitaka maabara.

Kaboni iliyomo katika udongo

Kipimo cha kaboni kinategemea jambo lifuatalo. Kila kiumbe kilicho hai hupokea kaboni kutoka hewani, moja kwa moja au kupitia chakula, na sehemu ndogo mno ya kaboni hiyo ni ile ya uzito wa 14, ambayo huoza polepole. Kiumbe kinapokufa, upokeaji hukoma na uozo huendelea. Baada ya miaka 5,730 hubaki nusu, na baada ya miaka mingine kama hiyo hubaki robo. Kwa hiyo kinachopimwa ni muda uliopita tangu kiumbe kilipoacha kupokea kaboni. Si muda uliopita tangu mtu alipokitumia kiumbe hicho kutengenezea kitu.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyoleta utata wa Acambaro. Mwaka 1968 Charles Hapgood, mwalimu wa historia wa Marekani, alipeleka sampuli tatu za mabaki ya kimea yaliyokuwa ndani ya udongo wa sanamu zikapimwe kaboni. Majibu yalirudi yakisema mwaka 1110 K.K., mwaka 1640 K.K. na mwaka 4530 K.K. Watetezi walishangilia, maana tarehe zote tatu zilikuwa za kale.

Msomaji mtulivu angeanza kwa kuzilinganisha tarehe zenyewe. Kati ya ile ya karibuni na ile ya mbali kuna miaka 3,420. Ikiwa sanamu zote zilitoka katika karakana moja na zikazikwa pamoja, tarehe hizo haziwezi zote kuwa tarehe za kutengenezwa kwake. Kwa upande mwingine, tofauti hiyo haina ajabu ikiwa kilichopimwa ni kaboni ya udongo. Udongo wa mfinyanzi huchimbwa mtoni au bondeni, nao huwa na majani yaliyooza, mizizi na mboji za miaka elfu kadhaa, zikiwa zimechanganyika kwa viwango visivyolingana. Sanamu iliyookwa kwa moto hafifu huhifadhi sehemu ya mabaki hayo bila kuyateketeza. Mtu akifinyanga sanamu leo kwa udongo kama huo, akaioka kwa moto wa kinyesi cha ng'ombe, kaboni iliyomo inaweza kutoa jibu la miaka elfu tatu, na maabara haitakuwa imekosea hata kidogo katika upimaji wake. Itakuwa imepima umri wa mboji.

Kwa hiyo katika mkasa huu kipimo cha kaboni hakikustahili gharama yake tangu mwanzo. Hapakuwa na kiungo kati ya kifo cha mimea ile na siku ya kuokwa kwa sanamu. Kama kungalipatikana masizi ya chakula yaliyoganda ndani ya chungu, au mbegu iliyonaswa katika udongo wakati wa kuufinyanga, suala lingalikuwa jingine.

Mwanga wa joto

Njia ya pili huelekea kwenye swali lenyewe, kwa sababu hupima muda tangu udongo ulipopata moto mkali mara ya mwisho. Ndani ya udongo mna chembe za kwatsi na felspari. Humo mna pia kiasi kidogo cha uraniamu, thoriamu na potasiamu ambazo hutoa mnururisho bila kukoma. Mnururisho huo huzisukuma elektroni za chembe hizo kutoka mahali pake, na baadhi hunaswa katika kasoro za fuwele kama samaki katika dema. Kadiri miaka inavyopita ndivyo idadi ya zilizonaswa inavyoongezeka. Udongo ukipashwa moto wa kiasi cha digrii 500, elektroni huachiliwa, na zinapoachiliwa hutoa mwanga dhaifu. Mfinyanzi anapooka chungu huiondoa hesabu yote ya zamani, na hesabu mpya huanza siku hiyo.

Maabarani, mtaalamu hutoboa kitu mahali pasipoonekana, katika chumba chenye mwanga hafifu mwekundu, akapata unga wa miligramu mia moja hivi. Unga hupashwa moto huku mwanga wake ukipimwa. Sehemu nyingine ya unga hupewa mnururisho wa kiasi kinachojulikana ili kuona kila kipimo cha mnururisho huzaa mwanga kiasi gani. Kutokana na hayo hupatikana jumla ya mnururisho uliopokewa tangu kuokwa. Jumla hiyo ikigawanywa kwa mnururisho wa mwaka mmoja, jibu ni umri.

Tuchukue kwa mfano kwamba udongo fulani hupokea miligrei 4 kwa mwaka. Sanamu iliyookwa mwaka 2500 K.K. ingekuwa na umri wa miaka 4,500 hivi ilipopimwa mwaka 1972, na ingekuwa imekusanya grei 18. Sanamu iliyookwa miaka 30 kabla ya kupimwa ingekuwa na grei 0.12 tu. Ya kwanza ni mara 150 ya ya pili. Hapa ndipo ilipo nguvu ya njia hii kwa vitu vya mashaka. Kitu kilichonunuliwa sokoni, ambacho udongo wa kaburi lake haujulikani, hupimwa kwa shaka ya robo ya umri wake au karibu na hapo, kwa sababu sehemu ya mnururisho wa kila mwaka hutoka katika ardhi iliyokizunguka. Lakini shaka ya robo si kitu mahali ambapo swali ni kama kitu ni cha miaka thelathini au cha miaka elfu nne na nusu.

Kwa msingi huo, uamuzi wa kuzipeleka sanamu za Acambaro katika maabara ya jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia, ulikuwa uamuzi wa busara. Mwaka 1972 mkurugenzi wa jumba hilo, Froelich Rainey, aliandika kwamba tarehe zilizopatikana ni za karibu mwaka 2500 K.K. Alieleza kwamba, kwa kuwa tarehe zenyewe zilishangaza, mpimaji Mark Han alirudia kipimo kwa wastani wa mara 18 kwa kila moja ya sampuli nne, na kwamba maabara ilisimama imara juu ya majibu hayo.

Kosa na jinsi lilivyogunduliwa

Kurudia mara 18 kwaonekana kuwa ushahidi mkubwa. Lakini kurudia huondoa kosa la bahati tu, yaani lile linalokwenda huku na huko kila upimaji. Kosa linaloelekea upande mmoja daima hurudi lile lile hata likipimwa mara mia. Mizani iliyopinda haisahihishwi kwa kupima gunia lile lile tena na tena.

Katika upimaji wa mwanga wa joto makosa ya aina hiyo ni mawili hasa. La kwanza ni mwanga wa uongo. Unga uliosagwa, ukipashwa moto, unaweza kutoa mwanga kutokana na kusagwa kwenyewe, au kutokana na kuungana na oksijeni, pasipo elektroni zilizonaswa kuhusika. Ndiyo maana upashaji hufanywa katika nitrojeni safi, na hata hivyo mwanga huo hautoweki kabisa. Katika kitu cha kale, chenye mwanga mwingi wa kweli, haudhuru. Katika kitu kipya, ambacho mwanga wake wa kweli ni kidogo mno, unaweza kuufunika na kuonekana kama karne nyingi. La pili ni moto usiotosha. Kitu kilichookwa kwa moto hafifu hakikusafishwa hesabu ya zamani za jiolojia, na mabaki ya hesabu hiyo hujiingiza katika umri wake.

Dawa ya makosa yote mawili ni jaribio linaloweza kuitwa jaribio la uwanda. Elektroni zilizonaswa kidogo huachiliwa katika joto la chini, na kwa kuwa huvuja zenyewe baada ya muda, hazifai kwa hesabu. Zile zilizonaswa sana huachiliwa katika digrii 300 na kuendelea. Mpimaji hukokotoa umri kwa kila daraja la joto peke yake. Ikiwa digrii 320, 360 na 400 zote zatoa umri ule ule, mchoro huwa na uwanda tambarare, na umri huo waaminika. Ikiwa kila daraja latoa umri wake, mchoro hupanda na kushuka bila uwanda, na hapo hakuna umri wa kutajwa. Nambari inaweza kupatikana, lakini si umri.

Mwaka 1976 Gary Carriveau, pamoja na Mark Han yule yule aliyepima mara ya kwanza, walichapisha uchunguzi mpya wa sanamu 20. Walizifanyia jaribio la uwanda, na hakuna hata moja iliyotoa uwanda. Kwa hiyo tarehe ya mwaka 2500 K.K. ilianguka, kwa kuwa ilitokana na mwanga usiostahili kufanyiwa hesabu. Kisha waliendelea hatua moja zaidi. Unga uliokuwa umekwisha kupashwa moto maabarani miaka ya nyuma ulikuwa umeanza tena kukusanya mwanga, na kwa kulinganisha kiasi kilichorudi na kile kilichokuwapo awali, waliweza kukadiria muda tangu moto wa mwisho wa mfinyanzi. Jibu lao lilikuwa kwamba sanamu ziliokwa yapata miaka 30 kabla ya mwaka 1969, yaani karibu na mwaka 1940, miaka michache tu kutoka siku Julsrud alipotangaza ugunduzi wake.

Yafaa kutambua sifa ya Han katika jambo hili. Aliyekuwa amepima mara 18 ndiye aliyerudi, akaipima njia yake mwenyewe, na kuifuta tarehe yake kwa maandishi. Hata hivyo tarehe za kaboni za 1968 na barua ya 1972 hunukuliwa mpaka leo na wanaoutetea mkusanyo, huku ripoti ya 1976 ikipitwa kimya. Tarehe ya maabara ikisha kutoka, haifuati tena masharti ya aliyeitoa.

Lini kipimo kinastahili gharama

Kutokana na mkasa huu yanatoka maswali matatu ambayo mwenye kitu anapaswa kuyajibu kabla ya kulipa. Gharama yenyewe, iwe ya kaboni au ya mwanga wa joto, kwa kawaida ni dola mia kadhaa kwa sampuli, bila kuhesabu usafirishaji na unga unaopotea daima.

Swali la kwanza ni kama majibu mawili yanayoshindana yanaachana zaidi ya shaka ya kipimo. Acambaro yaliachana mara 150. Lakini mtu akiwa na kigae cha chungu kutoka gofu la pwani ya Afrika Mashariki, na mashaka yake ni kama ni cha karne ya 14 au ya 15, mwanga wa joto hautamfaa, maana hata shaka ya sehemu moja ya kumi katika miaka 600 ni miaka 60 kila upande. Vigae vya kaure ya China na vya ufinyanzi wa Kiislamu vilivyopatikana katika tabaka moja nacho vinaweza kumpa jibu lililo jembamba zaidi, bila malipo ya maabara. Hali kadhalika, mswada wa Kiswahili kwa hati za Kiarabu usiokuwa na tarehe haufai kupelekwa kwenye kaboni ili kuamua kama ni wa mwaka 1720 au wa mwaka 1850. Kiasi cha kaboni 14 hewani kilipanda na kushuka kati ya mwaka 1650 na 1950 kwa namna ambayo karatasi ya kipindi hicho hutoa majibu kadhaa yaliyo sawa kwa uwezekano. Alama za maji za karatasi, umbo la hati na jina la mnakili hueleza zaidi. Kaboni ingestahili kulipiwa katika mswada huo kwa swali moja tu, kama karatasi ni ya baada ya 1955 au hivi, kwa sababu majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalikaribia kuiongeza maradufu kaboni 14 ya hewani, na alama hiyo haifichiki. Hata hapo, karatasi kuukuu yaweza kuandikwa upya.

Swali la pili ni kama kinachopimwa kimefungamana na tendo linaloulizwa. Mboji ya udongo haikufungamana na uokaji. Vivyo hivyo ubao wa mlango uliochongwa una umri wa mti, na pete za kiini chake zinaweza kuutangulia mchongo kwa karne mbili. Kichwa cha udongo kilichoungwa kutokana na vipande vya vyungu vya kale kitatoa umri wa vyungu, ikiwa kimetobolewa mahali palipo na kipande. Kwa hiyo mwenye kitu aamue mapema ni wapi patobolewe, na patobolewe zaidi ya pamoja.

Swali la tatu ni kama uchunguzi usio na malipo umekwisha kufanywa. Di Peso alitumia macho na muda wa kusimama kando ya shimo, na aliyoyasema mwaka 1953 ndiyo yaliyothibitishwa na maabara mwaka 1976. Kipimo kinastahili gharama pale macho yanaposhindwa kuamua, si pale yanapotoa jibu ambalo mwenye kitu halipendi. Na kinapolipiwa, mwenye kitu adai mchoro wa uwanda pamoja na nambari. Maabara itoayo nambari peke yake haijamwonyesha kama nambari hiyo ni umri.

Hitimisho

Sanamu za Acambaro bado zipo, na mji huo sasa una jumba la makumbusho linaloitwa kwa jina la Julsrud. Wafinyanzi waliozitengeneza hawakujua lolote juu ya kaboni wala elektroni, na hawakukusudia kuihadaa maabara. Walikuwa wakiuza vitu vya udongo kwa peso moja kimoja kwa mnunuzi aliyependa kila kimoja kisifanane na kingine. Maelezo hayo yalipatikana mjini Acambaro kwa kuwauliza watu, miaka 16 kabla ya sampuli ya kwanza kupimwa kaboni.